Tangazo linalojiposti saa nane usiku: limejificha wapi?

*Kaka, mimi nauza dagaa na mawese hapa Ujiji. Mpwa wangu ndiye aliyekuwa akiniendeshea Facebook na Instagram kwa simu ya duka, kwa akaunti yenye jina langu. Aliondoka 5 Aprili kwenda chuo. Tarehe 4 Juni, saa nane usiku, ukurasa ukaposti wenyewe: "Dagaa wapya wameingia leo Kibirizi", tena kwa bei ya zamani, na huku Ziwa Tanganyika limefungwa kwa uvuvi! Nikaingia nikafuta zote nilizoona zimepangwa. Tarehe 3 Julai, saa nane ile ile, ikatoka nyingine, Facebook na Instagram kwa pamoja. Watu wananiuliza hao dagaa nimevuliwa na nani. Nifute wapi ziishe? Na YouTube aliacha video nyingi ambazo hazijatoka, mojawapo inaonyesha daftari langu la madeni.*

Dada, pole kwa maswali ya wateja. Saa nane usiku ndiyo imenipa mwanga. Kama mtu mwingine angekuwa ameshika akaunti yako, angeposti wakati wateja wako macho. Mpwa wako bila shaka alitaka tangazo litoke saa mbili asubuhi, dagaa wakiwa wametoka kuletwa, akaandika 2:00 kama tunavyosema midomoni. Mashine inahesabu tangu usiku wa manane, kwa hiyo 2:00 AM kwake ni saa nane usiku. Saa mbili asubuhi yetu angeiandika 8:00 AM. Kosa hili nimelikuta kwa watu wengi, hata kwa waliosoma, na lina faida moja: posti inayotoka saa nane kamili usiku, bila kupungua wala kuzidi dakika, ni posti iliyopangwa zamani. Hakuna jini wala mwizi hapo.

Sasa hesabu siku. Kutoka 4 Juni hadi 3 Julai ni siku 29. Mwezi uliandama karibu na 6 Juni, ukaandama tena karibu na 5 Julai. Mpwa wako anajua biashara: dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, kwa hiyo alipanga matangazo yafuate giza. Asichojua wakati ule ni kwamba ziwa lingefungwa 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Kama aliendelea na mtindo huo, posti ya tatu ipo, na imepangwa kutoka tarehe 1 au 2 Agosti, ziwa likiwa bado limefungwa. Huo ndio muda ulio nao.

Kabla hujagusa kitu, elewa posti ambayo haijatoka inakaa wapi, kwa sababu ndiyo maana ulifuta na bado ikatoka. Kuna stoo tatu. Ya kwanza ni simu yenyewe: rasimu iliyohifadhiwa ndani ya programu, kwenye kumbukumbu ya simu hiyo hiyo, ambayo ukiingia kwa simu nyingine huioni. Ya pili ni seva za mtandao wenyewe, yaani Facebook au YouTube, na hiyo unaiona kwa simu au kompyuta yoyote ukiingia kwa akaunti yako. Ya tatu ndiyo watu wengi hawaijui: seva za kampuni nyingine kabisa inayotoa huduma ya kupanga posti, kama Buffer, Hootsuite au Metricool. Huko posti inakaa kwao, na Facebook haijui kwamba ipo mpaka dakika ile inapoletwa kwa ajili ya kutolewa. Wewe ulisafisha stoo ya pili. Mimi nadhani mzigo uko kwenye ya tatu.

Sisemi hivyo kwa kubahatisha. Instagram, ukipanga posti ndani ya programu yake, hairuhusu kuvuka siku 75 mbele. Mpwa wako aliondoka 5 Aprili. Kutoka siku hiyo hadi 3 Julai ni siku 89. Posti ya Instagram ya 3 Julai haikuweza kupangwa ndani ya Instagram kabla hajaondoka. Ama aliingia tena baadaye akapanga, ama ilipangwa kwenye huduma ya nje isiyo na kikomo hicho. Na kwa kuwa zilitoka pande zote mbili kwa dakika moja, na wewe ulikuwa umeshafuta zilizoonekana, huduma ya nje ndiyo ninayoishuku.

Kuna njia ya kuhakikisha kwa dakika mbili. Fungua ile posti ya 3 Julai kwenye ukurasa wako wa Facebook ukiwa umeingia kama mwenye ukurasa, utazame chini ya jina la duka. Mara nyingi msimamizi huonyeshwa mstari unaoanza na `Published by`, ambao wateja hawauoni. Ukikuta jina la mtu, ni mtu aliyeposti au aliyepanga kwa akaunti hiyo. Ukikuta jina la huduma, umemshika. Kwa hiyo usiifute posti hiyo bado. Ipige picha ya skrini kwanza, kwa sababu ukiifuta unapoteza na ushahidi wa ilikotoka. Ile ya Juni, kama hujaifuta, ifanyie vivyo hivyo.

Hata hivyo, rudi kwanza kwenye stoo ya pili uhakikishe kweli ni tupu. Tumia kompyuta, hata ya kuazima, kwa sababu kwenye simu baadhi ya orodha hujificha. Ingia `business.facebook.com`, na jambo la kwanza tazama juu kushoto jina la ukurasa unaoonyeshwa. Hapa ndipo watu wanapopotea. Mtu ana ukurasa wa duka, ana na ukurasa wa zamani aliouanzisha akausahau, naye anasafisha wa zamani akidhani amemaliza. Hakikisha jina la duka limechaguliwa, pamoja na akaunti yake ya Instagram. Kisha nenda `Content`, ufungue `Scheduled`, halafu `Drafts`. Baada ya hapo fungua `Planner`, ambayo ni kalenda. Kalenda huonyesha wiki moja au mwezi mmoja tu kwa wakati, kwa hiyo isogeze mbele mwenyewe: Agosti, Septemba, hadi mwisho wa mwaka. Story zilizopangwa nazo zina sehemu yake, usiziruke.

Ukikuta posti, utapewa njia zaidi ya moja ya kuishughulikia, na hapo kuna mtego. Kuiondoa kwenye ratiba na kuirudisha kuwa rasimu si kuifuta. Inatoka `Scheduled` inahamia `Drafts`, na picha zake na bei yake ya zamani, ikimsubiri mtu mwingine aibonyeze kwa bahati mbaya. Barua pepe ya Gmail ina tabia hiyo hiyo: ukighairi barua uliyoipanga kutumwa baadaye, inageuka rasimu. Kwa hiyo kila ukiondoa kitu kwenye `Scheduled`, nenda ukakitafute tena `Drafts` ukifute huko. Wala kubadilisha nenosiri hakuondoi posti ambayo imeshapangwa ndani ya Facebook yenyewe, maana hiyo ni mali ya ukurasa. Itatoka siku yake hata kama aliyeipanga hayupo tena.

Kwenye Instagram fungua wasifu wako, bonyeza mistari mitatu juu kulia, utafute `Scheduled content`. Usiseme kwamba umeshaangalia kwenye kompyuta. Iangalie na huku, kwenye simu ya duka, kwa sababu ndiyo aliyokuwa akiitumia.

Sasa twende stoo ya tatu, ambako kazi yenyewe ipo.

Huduma ya nje haiwezi kuposti kwenye ukurasa wako bila ruhusa, na ruhusa hiyo ilitolewa kwa akaunti yako ya Facebook, ile yenye jina lako. Ndiyo maana kuondoka kwa kijana hakukubadilisha kitu: alikabidhi funguo kwa jina lako, na funguo bado zinafanya kazi. Ingia Facebook kwa akaunti yako binafsi, si kwa jina la duka, nenda `Settings & privacy`, kisha `Settings`. Juu kuna kisanduku cha kutafutia, andika `Business integrations`. Utaona orodha ya huduma zote ulizoziruhusu kushika kurasa zako. Bonyeza `View and edit` kwenye kila mojawapo usome imeruhusiwa nini. Unayoitafuta ni ile iliyoruhusiwa kuchapisha kwenye ukurasa wa duka na kwenye Instagram yake. Ukishaijua, andika jina lake kwenye karatasi, halafu ndipo ubonyeze `Remove`. Kuandika jina si urasimu, utalihitaji baada ya dakika tano.

Kabla hujakubali kuondoa, soma maneno yote yanayotokea. Facebook inaweza kukuuliza kama unataka na posti zote ambazo huduma hiyo imewahi kuzitoa zifutwe. Ukiweka alama kwenye kisanduku hicho, unaweza kuondokewa na picha za mwaka mzima, na maoni ya wateja yaliyokuwa chini yake. Kiache bila alama. Wewe shida yako ni posti zisizotoka.

Rudia upekuzi huo kwenye `Apps and websites`, Facebook na Instagram, ingawa mara nyingi huko utakuta michezo na tovuti ulizowahi kuingia kwa akaunti yako.

Ukishaondoa ruhusa, posti ya Agosti haitatoka. Itajaribu, itagonga mlango, itakuta kufuli. Lakini bado ipo kwa wenye huduma, pamoja na picha zako. Kama baadaye utampa mtu mwingine kazi naye akaunganisha huduma hiyo hiyo kwenye akaunti ile ile ya zamani, foleni yote inaweza kuamka. Kwa hiyo ifuate hadi kwake. Akaunti ya huduma ilifunguliwa kwa barua pepe fulani, na kwa kuwa alitumia simu ya duka, nafasi kubwa ni kwamba alitumia Gmail iliyomo humo. Fungua Gmail hiyo, na kwenye sehemu ya kutafutia weka:

```
in:anywhere from:(buffer OR hootsuite OR metricool)
```

Badilisha majina hayo kwa lile uliloliandika kwenye karatasi. Neno `in:anywhere` linailazimisha Gmail itafute hadi kwenye taka na barua chafu, ambako barua za kukaribishwa na za matangazo huishia. Ukiipata barua, nenda kwenye tovuti ya huduma, chagua kwamba umesahau nenosiri, upokee linki kwenye Gmail hiyo, uingie. Tafuta foleni, tafuta na rasimu, kwa sababu huduma hizi nazo zina rasimu zake. Futa posti moja moja ukizisoma, halafu futa akaunti yenyewe kwenye mipangilio ya huduma hiyo. Kufuta programu yake kwenye simu hakutoshi hata kidogo. Foleni haikai kwenye simu.

Usipopata barua, basi alifungua kwa barua pepe yake mwenyewe. Mpigie. Kijana kaenda shule, hajakukimbia, na jambo hili ni la dakika kumi kwake. Mwambie maneno haya haya: "Mpwa wangu, ingia kule ulikokuwa ukipangia posti za duka, futa foleni na rasimu zote, kisha ondoa ukurasa wa duka kwenye orodha ya huduma hiyo, unitumie picha ya skrini ikiwa tupu." Usimwambie tu "toa ile kitu", maana ataondoa posti moja ya Agosti aache za Septemba. Angalia pia sehemu ya taarifa za kushindwa: posti ikigonga mwamba, wengi wa watoa huduma hutuma barua kwa aliyefungua akaunti, na barua hiyo itakwenda kwake, si kwako. Muombe akiipata akuambie.

Mwisho wa sehemu hii, nenda `Accounts Center`, `Password and security`, ufungue `Where you're logged in`. Toa kila simu usiyoitambua, kisha badilisha nenosiri. Nimeliweka hili mwishoni kwa makusudi. Kubadilisha nenosiri mara nyingi hukata na ruhusa za huduma za nje, na ukianza nalo hutajua ni huduma ipi ilikuwa inaposti. Utapata utulivu, lakini mzigo utabaki usikokujua.

Kisha jaribu kama stoo yako inaonyesha ukweli. Panga posti moja ya kujaribia ndani ya `business.facebook.com`, iwe ya siku mbili mbele, iandikwe neno "jaribio" tu. Fungua orodha ya `Scheduled` kwa kifaa kingine. Ukiiona hapo, unajua unatazama ukurasa sahihi na orodha inasema kweli. Ifute, uangalie na `Drafts`. Usipoiona, basi muda wote ulikuwa unatazama ukurasa usio wako wa kazi, na uanze upya kwenye lile jina la juu kushoto.

Sasa YouTube, na daftari lako la madeni. Hapa mambo ni mepesi zaidi, ila hayana kurudi nyuma.

Mtu akipakia video YouTube kwa kompyuta akaacha katikati, kabla ya kukamilisha maelezo, YouTube huihifadhi kama rasimu kwenye seva zake. Kwa hiyo utaziona kutoka kompyuta yoyote. Ingia `studio.youtube.com`, bonyeza `Content`. Orodha imegawanywa: `Videos`, `Shorts`, `Live`, na kila moja uifungue kivyake. Bonyeza kwenye kichujio, chagua `Visibility`. Hapo ndipo ujue maana ya maneno manne, kwa sababu kila moja lina hatari yake.

`Draft` haionekani kwa mtu yeyote wa nje. `Private` nayo haionekani, isipokuwa kwa wale ulioalika kwa barua pepe. `Scheduled` itajifungua yenyewe siku ikifika, kama ile posti yako ya usiku. Na `Unlisted` ndiyo inayodanganya watu: haimo kwenye orodha ya chaneli, haitokei kwenye kutafuta, lakini yeyote mwenye linki anaitazama, na linki hiyo anaweza kuituma kwa mwingine. Vijana wanaoendesha kurasa hupenda kuitumia ili kumtumia bosi linki kwa WhatsApp aone kazi kabla haijatoka. Tafuta kwenye mazungumzo yenu kama alikutumia linki ya ile video. Kama alikutumia wewe peke yako na wewe hujaisambaza, afadhali. Kama aliiweka kwenye kundi la wauza dagaa, kila aliyemo anaweza kuifungua leo.

Kwa hiyo ile ya daftari, kama ni `Unlisted` au `Scheduled`, hatua ya kwanza ni kuibadilisha iwe `Private`. Ni mabonyezo mawili, na linki inakufa papo hapo. Baada ya hapo pumua, itazame yote kwa utulivu, uone majina na namba zipi zimeonekana. Hao ni wateja wako, na nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Deni la mtu na namba yake ya simu si vitu vya kuachwa vikielea.

Kufuta, weka alama kwenye kisanduku cha kushoto cha video, bonyeza `More actions`, kisha `Delete forever`. Utaombwa ukubali kwamba hairudi, na kweli hairudi. YouTube haina pipa la taka la kuokotea kama simu yako ilivyo na picha zilizofutwa karibuni. Ndiyo maana nakushauri usichague video zote ukazifuta kwa mkupuo. Kati ya hizo huenda kuna ile nzuri ya wanawake wakianika dagaa mchangani alfajiri, na ziwa likifunguliwa utaihitaji. Itazame kila moja, uipakue kwanza unayoitaka. Google inaeleza kwamba kitu kilichofutwa huchukua takriban miezi 2 kuondoka kwenye mifumo yake, na kwenye nakala za akiba kinaweza kubaki hadi miezi 6. Lakini kwa watazamaji kimeshaondoka tangu ulipobonyeza.

Ukiwa humo humo, fungua `Settings`, kisha `Permissions`, uone nani mwingine ana ruhusa kwenye chaneli. Aliyeongezwa hapo kama msimamizi huziona rasimu zako, na kubadilisha nenosiri lako hakumtoi. Unamtoa kwa jina lake.

Nimebakiza stoo ya kwanza, ya simu. Rasimu za TikTok zinakaa kwenye simu iliyozitengeneza. Zile za Instagram za posti na Reels nazo nyingi ni hivyo hivyo, na rasimu za Shorts ndani ya programu ya YouTube pia. Maana yake ni kwamba simu ya duka ukiifungua utazikuta kwenye wasifu, mahali palipoandikwa `Drafts`, unazifuta moja moja. Lakini kama kijana alirekodi baadhi kwa simu yake mwenyewe, hizo huzioni na huwezi kuzifuta kutoka Ujiji. Ongeza sentensi moja kwenye yale maneno ya simu: na za simuni afute.

Angalizo moja lililonigharimu. Hapa Tabora kuna mama muuza asali aliniletea simu iliyojaa, haina nafasi hata ya kupokea picha. Nikaiona programu moja ya video fupi imekula nafasi kubwa, nikaifuta ili niiweke upya ikiwa nyepesi. Ikarudi nyepesi kweli: rasimu zake 11 za urinaji wa asali, kazi ya msimu mzima porini, zilikuwa zimeondoka nayo. Sikuwa na la kumwambia. Kwa hiyo kabla hujafuta programu yoyote kwenye simu ya duka ukidhani unasafisha, hifadhi kwanza unachokitaka kwenye picha za simu. Na kwa upande mwingine, kama unachotaka ni rasimu za simuni ziondoke zote kwa pamoja, sasa unajua njia fupi. Kwa posti iliyopangwa kwenye seva, njia hiyo haifanyi kitu chochote.

Kama mpwa wako aliwahi kukulipia matangazo ya kuongeza watazamaji, pitia na `Ads Manager` dakika moja, uone kama kuna tangazo lenye tarehe ya kuanza iliyo mbele. Hilo likitoka halikuaibishi tu, linakata na pesa kwenye kadi.

Mambo yote haya yakikamilika, weka kengele ya simu iamke 2 Agosti saa mbili asubuhi, ile yetu. Fungua ukurasa, utazame usiku wa tarehe 1 na wa tarehe 2. Pakiwa kimya, ngoja hadi 31 Agosti uangalie tena, kwa sababu giza la Septemba linaanza hapo na kijana huyu alipanga kwa mwezi, si kwa kalenda ya ukutani. Ikitoka posti usiifute. Nipigie picha ule mstari wa `Published by` unitumie, maana itakuwa kuna huduma ya pili ambayo hatukuiona.